Oveni moja, mikataba mitatu: ulinganisho wa kununua kwa awamu na maandishi ya mwaka wa kwanza

Mwenye bekari ndogo huko Majengo, Mombasa, aliniwekea mezani karatasi tatu. Zote zilihusu oveni moja ya umeme, bei yake taslimu shilingi 600,000. Ya kwanza ilitoka kwa muuzaji mwenyewe, wa lipa polepole. Ya pili ilitoka kwa kampuni ya fedha inayokodisha mtambo hadi mteja aumiliki. Ya tatu ilikuwa fomu ya mkopo ya chama chao cha akiba na mikopo. Akaniuliza, "Kaka, ipi rahisi?" Nikamuuliza rahisi kwa nani: kwake yeye anayetoa pesa kila mwezi, au kwangu mimi ninayeandika vitabu? Akacheka, akasema kwake yeye kwanza.

Mikataba ya namna hii nimeiandika vitabuni mara nyingi. Nimeona watu wakichagua kwa kutazama kiasi cha mwezi peke yake, kisha mwisho wa mwaka wanashangaa faida imekwenda wapi. Hapa nitaipanga mitatu ile kwa vigezo vilevile, kwa tarakimu za bekari ile ile.

## Tunapima kwa nini

Kigezo cha kwanza ni gharama halisi ya kukopa. Asilimia iliyoandikwa kwa wino mzito juu ya karatasi haitoshi. Tunataka ile inayotoka ukipiga hesabu ya kila shilingi na tarehe yake. Cha pili ni umiliki: deni likiwa bado linaendelea, oveni ni ya nani, na ukikwama kitatokea nini. Cha tatu ni namna ya kuandika siku ya kwanza. Cha nne ni mzigo wa mwaka wa kwanza, yaani riba na uchakavu vitakavyopunguza faida ifikapo tarehe 31 Desemba. Mwisho, kila mkataba unamfaa mtu wa aina gani.

Tuseme oveni imefungwa na iko tayari kwa kazi tarehe 1 Aprili 2025, mwaka wa hesabu unaisha 31 Desemba, na awamu hulipwa mwisho wa kila mwezi kuanzia Aprili. Hadi mwaka uishe zitakuwa zimelipwa awamu tisa. Bekari haijasajiliwa kwa kodi ya ongezeko la thamani, kwa hiyo kodi iliyomo ndani ya bei haidaiwi popote na inabaki kuwa sehemu ya gharama. Aliyesajiliwa na anayeruhusiwa kuidai huitoa kwanza, akaandika oveni kwa bei isiyo na kodi.

## Kisichobadilika: bei ya oveni na uchakavu wake

Nianze na jambo ambalo wengi hulikosea. Thamani ya oveni vitabuni ni ile ile katika mikataba yote mitatu. Mtambo huandikwa kwa bei yake taslimu ya siku ile, ukijumlisha gharama za kuufikisha na kuufanya uweze kufanya kazi. Kinachozidi bei taslimu ni gharama ya kupewa muda. Hiyo ni riba, na riba husambazwa katika miezi ya deni. Kanuni za kimataifa za hesabu zinasema hivyo, na hata bila kanuni akili inakubali: oveni haioki mikate mingi zaidi kwa sababu uliilipia polepole.

Bekari ililipa shilingi 30,000 za usafiri, fundi wa umeme na waya mnene. Basi gharama ya oveni ni 600,000 na 30,000, jumla 630,000. Kumfundisha mfanyakazi kuitumia hakuingii humo, wala unga ulioungua siku za majaribio baada ya oveni kuwa tayari. Hayo ni matumizi ya kawaida.

Uchakavu huanza siku mtambo ulipokuwa tayari kutumika, hata kama awamu ya kwanza bado haijalipwa. Tulikadiria oveni itatumika miaka 8 na baada ya hapo itauzwa kwa shilingi 30,000. Kwa njia ya mstari sawa, 630,000 toa 30,000 gawanya kwa 8, unapata 75,000 kwa mwaka. Mwaka wa kwanza una miezi tisa tu, kwa hiyo ni 56,250. Ingizo la tarehe 31 Desemba ni hili:

Debiti: Gharama ya uchakavu 56,250
Krediti: Uchakavu uliolimbikizwa, oveni 56,250

Njia nyingine ni ya salio linalopungua. Ukitumia asilimia 25 kwa mwaka, mwaka wa kwanza unatoa robo ya 630,000 kwa miezi tisa, yaani 118,125. Hiyo ni zaidi ya mara mbili. Njia hii huenda sawa na mtambo unaopoteza nguvu haraka mwanzoni au unaopitwa na wakati, kama kompyuta. Oveni inayooka trei zilezile mwaka wa kwanza na wa tano hukaa vizuri zaidi kwenye mstari sawa, na hiyo ndiyo nitakayoitumia. Lakini mwenye bekari anayejua kwamba oveni za aina ile huanza kusumbua mapema, akachagua salio linalopungua, sitamkatalia. Asichoruhusiwa ni kubadilisha njia kila mwaka ili faida imkalie vizuri.

Neno moja kuhusu kodi ya mapato. Mamlaka ya Mapato ya Kenya haikubali uchakavu uliojikadiria mwenyewe. Ukikokotoa kodi, unaurudisha kwenye faida, kisha unatoa nafuu ya uwekezaji kwa viwango vya Jedwali la Pili la Sheria ya Kodi ya Mapato. Kwa hiyo usichague njia ya uchakavu ukidhani itakupunguzia kodi.

## Mkataba wa kwanza: lipa polepole kwa muuzaji

Masharti na gharama halisi. Arubuni ni 150,000, kisha awamu 12 za 42,000. Jumla 654,000. Karatasi inasema riba ni asilimia 12, na ndivyo ilivyo ukiipiga juu ya 450,000 zilizobaki: 54,000. Tatizo ni kwamba hukai na zile 450,000 mwaka mzima. Kila mwezi unarudisha sehemu, lakini riba imepigwa kana kwamba hujarudisha hata senti. Ukiipima juu ya deni linalobaki kila mwezi, ni asilimia 1.79 kwa mwezi, karibu asilimia 21.5 kwa mwaka. Hesabu hiyo hutoka kwenye jedwali la kompyuta kwa mstari mmoja:

```
=RATE(12,-42000,450000)
```

Kuna muuzaji mwingine ambaye haandiki riba kabisa. Hutangaza "bila riba, 654,000 kwa mwaka", halafu ukimwambia una pesa mkononi anakushushia hadi 600,000. Bei taslimu hapo ni 600,000 na zilizobaki ni riba iliyovaa kanzu. Ndiyo maana kabla ya kusaini chochote nashauri uombe bei ya taslimu kwa maandishi. Bila karatasi hiyo huna pa kuanzia hesabu.

Umiliki. Haya ni mauzo ya mkopo. Oveni inakuwa yako tangu siku ya kuletewa, na muuzaji anabaki mdai. Ukishindwa kulipa anakudai pesa; hawezi tu kuja na lori kuichukua, isipokuwa mkataba umeifanya oveni yenyewe kuwa dhamana. Kenya ina sheria ya mwaka 2017 ya dhamana za mali zinazohamishika, na chini yake mdai anaweza kusajili haki juu ya mtambo wako. Soma kama kifungu hicho kimo.

Siku ya kwanza.

Debiti: Oveni 630,000
Krediti: Benki (arubuni na usafirishaji) 180,000
Krediti: Mdai, muuzaji wa oveni 450,000

Mwisho wa mwaka. Awamu tisa ni 378,000. Kati ya hizo, riba ni 49,625 na zilizobaki 328,375 zimepunguza deni. Deni lililobaki ni 121,625, na lote litalipwa kabla ya Machi kwisha, kwa hiyo kwenye mizania linakaa kwenye madeni ya muda mfupi. Ukijumlisha na uchakavu, oveni imeigharimu faida 105,875.

Inamfaa nani. Mwenye biashara inayoingiza pesa ya kutosha kila mwezi kubeba 42,000 bila kugusa pesa ya unga, na anayetaka kuwa huru ndani ya mwaka. Hakuna wadhamini, hakuna kamati. Lakini akikosea makadirio ya mauzo, mwezi wa tatu tu ataanza kumkopa muuza unga ili amlipe muuza oveni. Nimeyaona hayo.

## Mkataba wa pili: kukodi hadi kumiliki

Hapa nitakaa zaidi, maana ndiko makosa mengi ya vitabu yanakozaliwa.

Masharti na gharama halisi. Arubuni ni 120,000, kisha awamu 24 za 25,600. Jumla 734,400. Riba imeandikwa asilimia 14 kwa mwaka, tena kwa mtindo ule ule wa kuipiga juu ya 480,000 za mwanzo kwa miaka yote miwili: 134,400. Juu ya deni linalobaki ni asilimia 2.08 kwa mwezi, karibu 25 kwa mwaka. Kwa mwezi ni nyepesi kuliko ya muuzaji, kwa jumla ni nzito kuliko zote.

Umiliki. Mpaka awamu ya mwisho ilipwe, kisheria oveni ni ya kampuni ya fedha. Wewe ni mkodi. Huwezi kuiuza wala kuiweka rehani kwingine, na ukikwama wana haki ya kuirudisha kwao. Kenya ina Sheria ya Ununuzi wa namna hii, Sura ya 507, inayomkinga mkodi kwa kiasi: akishalipa theluthi mbili ya jumla ya mkataba, mwenye mali hawezi tena kuichukua bila kwenda mahakamani. Kwa bekari yetu theluthi mbili ya 734,400 ni 489,600. Arubuni inahesabiwa. Kwa hiyo mstari huo unavukwa kwenye awamu ya 15, mwisho wa Juni 2026. Desemba 2025 watakuwa wamelipa 350,400 tu, bado hawana kinga hiyo. Kuna mipaka miwili ya kukumbuka: sheria inahusu mikataba ambayo jumla yake haizidi kiwango kilichowekwa, na haimkingi mkodi aliye kampuni iliyosajiliwa. Mwenye bekari anayefanya biashara kwa jina lake mwenyewe ndiye anayeguswa.

Siku ya kwanza. Swali la kwanza la kila mtu ni hili: ikiwa oveni si yangu, kwa nini niiandike kwenye mali zangu? Kwa sababu hesabu hutazama nani anaitumia, nani anabeba hasara ikiharibika, na nani atabaki nayo mwisho. Yote ni wewe. Mkataba ni wa kukodi kwa jina, lakini kwa kiini ni ununuzi. Kwa sababu hiyo hiyo uchakavu unasambazwa kwa miaka 8 ya maisha ya oveni. Anayeumaliza kwa miaka 2 ya mkataba amekosea, maana oveni itabaki kwako baada ya mkataba kwisha.

Maandishi ni haya:

Debiti: Oveni 630,000
Krediti: Benki 150,000
Krediti: Deni la kampuni ya fedha 480,000

Sasa, taarifa itakayoletwa na kampuni haitaonyesha 480,000. Itaonyesha 614,400, yaani awamu 24 zote. Mwandishi asiyezoea hujaribu kulinganisha, akaona tofauti ya 134,400, akaisukumia kwenye oveni ili mizani ikae. Ukitaka vitabu vifanane na taarifa yao, tumia akaunti ya pembeni ya riba isiyoiva:

Debiti: Oveni 630,000
Debiti: Riba isiyoiva 134,400
Krediti: Benki 150,000
Krediti: Deni la kampuni ya fedha 614,400

Kwenye mizania unatoa riba isiyoiva ndani ya deni, unarudi kwenye 480,000. Njia mbili hizi zinafika mahali pamoja. Mimi hupendelea ya pili pale ambapo mwenye biashara mwenyewe ndiye anayekagua taarifa za mdai.

Mwisho wa mwaka. Zimelipwa awamu tisa, jumla 230,400. Riba ni ngapi humo? Kugawa sawasawa, 134,400 gawanya kwa 24 zidisha 9, kunatoa 50,400. Ni rahisi na si sahihi, kwa sababu deni ni kubwa mwanzoni na riba nayo inapaswa kuwa kubwa mwanzoni. Mwezi wa Aprili peke yake riba ni 480,000 mara asilimia 2.077, yaani 9,970; awamu ya 25,600 imepunguza deni kwa 15,630 tu. Ukiendelea hivyo mwezi kwa mwezi hadi Desemba, riba inafika 77,454 na deni lililobaki ni 327,054.

Asiye na kompyuta ana njia ya kienyeji ya kujumlisha nambari za miezi. Jumlisha 24, 23, 22 hadi 1: unapata 300. Miezi tisa ya kwanza ni 24 hadi 16, jumla 180. Basi riba ni 180 juu ya 300 ya 134,400, yaani 80,640. Inatofautiana na hesabu kamili kwa 3,200 hivi, na kwa biashara ya ukubwa huu sioni ubaya, mradi uendelee nayo hadi mwisho wa mkataba. Kwa mikataba ya miaka mingi au riba kubwa zaidi tofauti hukua, hapo tumia hesabu kamili.

Kwa njia ya kwanza ya kuandika, malipo ya miezi tisa kwa ujumla wake ni:

Debiti: Gharama ya riba 77,454
Debiti: Deni la kampuni ya fedha 152,946
Krediti: Benki 230,400

Kwenye mizania ya Desemba, 327,054 haziandikwi kwa mkupuo mmoja. Sehemu itakayolipwa ndani ya mwaka 2026 ni 253,337, hiyo ni ya muda mfupi. Zilizobaki 73,717 ni za muda mrefu. Benki ikija kukukagua kwa mkopo mwingine, hapo ndipo itakapotazama kwanza.

Uchakavu ni ule ule, 56,250. Jumla ya mzigo kwenye faida ni 133,704.

Linganisha na yule aliyeandika oveni kwa 764,400, akijumlisha riba yote na usafiri. Uchakavu wake wa miezi tisa ungekuwa 68,850, na riba sifuri. Faida yake ingeonekana kubwa kuliko ukweli kwa 64,854. Angelipa kodi juu ya faida ambayo hajaipata, na pengine angetoa pesa nyumbani akidhani biashara imeiva. Kumgundua ni rahisi: tazama kama vitabu vina oveni ya mkopo lakini akaunti ya riba haina kitu.

Inamfaa nani. Asiye na akiba mahali popote, asiye na wadhamini, na ambaye oveni itaanza kumlipa mara moja. Kampuni hutegemea oveni yenyewe kuwa usalama wao, kwa hiyo hawaulizi mengi. Unailipia hiyo. Na kabla ya kusaini, uliza swali moja la ziada: nikitaka kumaliza mapema, mnaondoa riba ya miezi iliyobaki? Desemba awamu 15 zilizobaki ni 384,000, lakini deni halisi vitabuni ni 327,054. Tofauti ni 56,946. Wengine huirudisha yote, wengine sehemu, wengine hakuna. Jibu liwe kwenye mkataba. La mdomoni kwa ofisa mauzo halitakusaidia siku hiyo.

## Mkataba wa tatu: mkopo wa chama cha akiba

Masharti na gharama halisi. Mwenye bekari anatoa 120,000 zake, chama kinamkopesha 480,000 kwa miezi 24, riba asilimia 1 kwa mwezi juu ya salio linalopungua. Awamu ni kama 22,595, riba yote kama 62,280. Hapa asilimia iliyoandikwa ndiyo asilimia halisi, kwa sababu inapigwa juu ya deni lililobaki. Tazama ajabu yake: asilimia 12 ya muuzaji na asilimia 12 ya chama kwa mwaka zimeandikwa sawa, lakini ya muuzaji inakaribia maradufu.

Kuna gharama nyingine isiyoonekana. Vyama vingi hukopesha hadi mara tatu ya akiba, kwa hiyo 480,000 inataka akiba ya 160,000 ambayo huwezi kuigusa mpaka deni liishe. Unataka pia wadhamini, na kudhaminiwa ni deni la namna yake, hasa ukiwa umedhaminiwa na shemeji.

Umiliki. Oveni ni yako kabisa tangu siku ya kwanza, na unailipa taslimu. Chama kinadai wewe na wadhamini wako. Ukikwama, oveni haiendi popote. Zinaenda akiba zako kwanza, kisha za waliokuamini.

Siku ya kwanza. Ni matukio mawili, yaandike mawili. Mkopo ukiingia:

Debiti: Benki 480,000
Krediti: Mkopo wa chama 480,000

Oveni ikinunuliwa:

Debiti: Oveni 630,000
Krediti: Benki 630,000

Wengine huyabana kuwa ingizo moja. Si dhambi, lakini ukiyatenganisha unaona mara moja kama pesa yote ya mkopo ilikwenda kwenye oveni au kuna iliyobaki njiani. Ada ya kuchakata mkopo, ikiwepo, ni gharama ya mkopo na haihusiani na oveni.

Mwisho wa mwaka. Awamu tisa ni 203,355. Riba ndani yake ni 36,642 na deni lililobaki ni 313,287. Pamoja na uchakavu, mzigo kwenye faida ni 92,892.

Inamfaa nani. Aliyejiwekea akiba kwa muda, mwenye watu wa kumsimamia, na anayeweza kusubiri kamati ikae. Kama oveni ya sasa imekufa na Ramadhani inaanza wiki ijayo, unafuu huu hautamfikia kwa wakati.

## Mitatu kwa pamoja, hadi 31 Desemba 2025

| | Muuzaji | Kukodi hadi kumiliki | Chama |
|---|---|---|---|
| Awamu ya mwezi | 42,000 | 25,600 | 22,595 |
| Arubuni na awamu zote | 654,000 | 734,400 | 662,280 |
| Pesa iliyotoka (bila usafiri) | 528,000 | 350,400 | 323,355 |
| Riba ya miezi tisa | 49,625 | 77,454 | 36,642 |
| Uchakavu | 56,250 | 56,250 | 56,250 |
| Deni lililobaki | 121,625 | 327,054 | 313,287 |

Safu ya pili inaweza kukudanganya. Muuzaji anaonekana nafuu kuliko chama, 654,000 dhidi ya 662,280, lakini ni kwa sababu umekaa na pesa yake mwaka mmoja tu, na arubuni ilikuwa kubwa. Tofauti ya 8,280 ndiyo bei ya kukaa na deni mwaka mmoja zaidi.

## Kulingana na hali yako

Kama bekari inabakiza zaidi ya 60,000 kila mwezi baada ya unga, umeme na mishahara, na huna akiba chamani, mkataba wa muuzaji hautakusumbua, na utaingia mwaka wa pili bila deni. Ikiwa kinachobaki ni kama 35,000, usiuguse hata kama jumla yake inavutia.

Kama una akiba ya 160,000 na zaidi, na oveni ya zamani bado inaoka, subiri chama. Mwezi mmoja wa kungoja unakuokolea zaidi ya nusu ya riba ukilinganisha na kampuni ya fedha.

Kama huna akiba wala wadhamini lakini una oda zilizosainiwa, tuseme shule mbili zinazotaka mikate kila asubuhi, kukodi hadi kumiliki kunaeleweka. Piga hesabu oveni itaingiza kiasi gani ukiweka kando 25,600 za awamu, na ujue kabisa kwamba hadi Juni 2026 ukikwama wanaweza kuichukua bila kesi. Ikiwa umesajili kampuni, usiihesabu kinga hiyo hata baada ya Juni.

Kama unatarajia kuomba mkopo wa benki mwaka ujao, angalia deni litakalobaki Desemba kuliko awamu ya mwezi. Deni la muuzaji litakuwa linakaribia kwisha. Mengine mawili yatakuwa bado zaidi ya 300,000.

Na kama tayari umesaini, na vitabu vimeshaandika oveni kwa jumla ya awamu zote, rekebisha kabla ya kufunga mwaka. Kwa mkataba wa pili, kabla ya uchakavu wowote kuandikwa na awamu tisa zikiwa zimepunguza deni lote, ingizo ni debiti gharama ya riba 77,454, debiti riba isiyoiva 56,946, krediti oveni 134,400. Kisha ndipo uandike uchakavu, juu ya 630,000.

Mwenye bekari wa Majengo alichagua chama. Kamati ilichukua wiki tano, na kwa wiki tano hizo alioka kwa mkaa na kunilaumu mimi.